Ripoti ya Hitilafu Inapopungukiwa: Ukaguzi na Orodha ya Yanayokosekana

Ripoti ya hitilafu ni maelezo ambayo mtumiaji wa programu ya kompyuta huwaandikia watengenezaji wake kuwaarifu kwamba kitu fulani hakikwenda sawa. Ili maelezo hayo yafae, mtu asiyemjua mwandishi, tena aliye mbali na kompyuta yake, lazima aweze kuiona hitilafu ileile kwa macho yake mwenyewe. Asipoiona hawezi kuirekebisha, na hata akibahatisha dawa hana njia ya kujua kama imeponya. Ndiyo maana ripoti hukaguliwa kabla haijafika mikononi mwa mtengenezaji. Mkaguzi hutafuta mambo matatu: hatua za kuirudia hitilafu, toleo la programu, na matokeo ambayo mtumiaji aliyatarajia. Yanayokosekana huyaandika kwa orodha na kuyarudisha kwa mleta ripoti.

Kazi hii huonekana wazi zaidi katika miradi ya programu huria, ambako ripoti na majibu yake husomwa na yeyote anayetaka. Mfano mzuri ni LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa ambayo watu huitumia kuandika barua, kutengeneza majedwali ya hesabu na kuandaa maonyesho ya slaidi. LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, programu ileile ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ripoti zake huandikwa katika daftari la kielektroniki linaloendeshwa na Bugzilla, mfumo ulioanzia katika mradi wa Mozilla mwaka 1998. Ripoti mpya huingia daftarini ikiwa na hali ya `UNCONFIRMED`, maana yake bado hakuna mtu mwingine aliyeiona hitilafu hiyo. Mkaguzi akifanikiwa kuirudia huipandisha hadi `NEW`. Ikiwa kuna kitu kinakosekana, huiweka katika `NEEDINFO`, na mpira unarudi kwa mleta ripoti.

Mtumiaji anapoanza kuandika, daftari humwekea vichwa vya kujaza, na baadhi yake ni hivi:

```
Steps to Reproduce:
1.
2.
3.
Actual Results:
Expected Results:
```

Yaani hatua za kuirudia hitilafu, matokeo yaliyopatikana na matokeo yaliyotarajiwa. Namba ya toleo ina sehemu yake ya pekee. Mtu angedhani kwamba fomu ya namna hii inamaliza kazi ya ukaguzi, lakini haimalizi. Fomu inaweza kumlazimisha mtu aandike kitu katika nafasi fulani, ila haiwezi kumlazimisha aandike kitu chenye manufaa. Mwenye haraka huweka nukta moja akasonga mbele, au huandika “angalia juu” penye hatua ilhali huko juu hakuna hatua yoyote. Kwa hiyo mkaguzi haulizi kama nafasi imejazwa. Anauliza kama kilichojazwa kinamwezesha kukaa mbele ya kompyuta yake na kuanza kazi.

Hatua za kuirudia hitilafu ndizo za kwanza kukaguliwa, na hapo ndipo ripoti nyingi huanguka. Mwaka 2008 Nicolas Bettenburg na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji watengenezaji na watumiaji wa Apache, Eclipse na Mozilla kuhusu kinachoifanya ripoti iwe nzuri. Watengenezaji walizitaja hatua hizo kuwa ndizo zinazowafaa kuliko kitu kingine chochote. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba yale wanayoyahitaji sana watengenezaji ndiyo yanayowawia vigumu watumiaji kuyatoa. Sababu yake si uvivu. Mtu anayetumia programu kila siku hazioni tena hatua zake mwenyewe: mkono unabofya kabla akili haijataja. Anapoandika “nilifungua faili, nikachapisha, programu ikajifunga”, anaamini kwa dhati kwamba amesema yote.

Njia bora ya kuzikagua hatua ni kuzitenda moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa, bila kujaza pengo kwa ujuzi wa mkaguzi mwenyewe. Pale mkono unaposita ndipo kitu kinapokosekana. “Nilifungua faili” humfanya mkaguzi asite mara moja: faili la aina gani, lina nini ndani, lilifunguliwa kwa kubofya mara mbili au kupitia menyu ya programu ikiwa tayari imewaka? “Nikachapisha” humsitisha tena: kwa kubonyeza Ctrl+P au kitufe kilicho juu ya skrini, kwa printa ipi, ukurasa mmoja au wote? Hatua zilizokamilika zina mwanzo unaojulikana, kwa mfano jedwali jipya lisilo na kitu au faili la mfano lililoambatishwa. Kila tendo limetajwa kivyake, na hatua ya mwisho ni ile ambayo baada yake hitilafu hujitokeza. Kosa la kawaida la wakaguzi wapya ni ukarimu. Wakikuta pengo hulijaza kwa kubahatisha, wakaiona programu ikifanya kazi vizuri, kisha wakajibu kwamba hitilafu haipo. Kumbe walipita njia nyingine.

Toleo la programu ni rahisi kulikagua, lakini lina mtego wake. Watu wengi huandika “toleo jipya kabisa”. Maneno hayo yana maana siku yanapoandikwa tu. Miezi mitatu baadaye hayaelekezi popote, na hata siku hiyohiyo mwandishi huenda ana toleo ambalo yeye ndiye analiona jipya. Kinachohitajika ni namba kamili. Katika LibreOffice namba hiyo hupatikana kwa kufungua menyu ya `Help` na kuchagua `About LibreOffice`. Dirisha linalojitokeza lina kitufe cha kunakili maelezo yote kwa mara moja, na maelezo hayo yana zaidi ya namba ya toleo. Sehemu yake huwa hivi:

```
Version: 24.2.5.2 (X86_64)
OS: Windows 10.0 Build 19045
Locale: fr-FR (fr_FR); UI: fr-FR
```

Mstari wa pili unataja mfumo endeshi wa kompyuta. Wa tatu, ambao wengi huupuuza, unataja lugha na desturi za uandishi ambazo programu inazifuata: namna ya kuandika tarehe, sarafu na namba zenye sehemu. Mstari huo utarudi baadaye katika mfano, maana ndio uliobeba jibu.

Umuhimu wa namba ya toleo hauishii katika kujua kama hitilafu imeshatengenezwa. Ikiwa kazi fulani ilikwenda vizuri katika toleo la zamani ikaharibika katika jipya, kuna badiliko moja kati ya matoleo hayo mawili lililoleta uharibifu, na linaweza kusakwa kwa kukata katikati. Mkaguzi hujaribu programu ilivyokuwa nusu ya njia. Ikiwa hitilafu ipo, badiliko baya liko katika nusu ya kwanza, na ikiwa haipo, liko katika nusu ya pili. Kisha hukata nusu hiyo tena. Kwa njia hii mabadiliko elfu moja humalizwa kwa majaribio kumi tu. Mradi wa LibreOffice umehifadhi maelfu ya hatua za ukuaji wa programu hiyo, kila moja ikiwa tayari kuendeshwa, kwa ajili ya msako wa namna hii. Lakini msako hauwezi kuanza bila ncha mbili, toleo zima na toleo bovu, na mara nyingi mtumiaji ndiye pekee anayezijua. Ndiyo maana daftari la LibreOffice huomba toleo la zamani kabisa ambalo hitilafu imeonekana, hata kama mtumiaji sasa anatumia jipya zaidi.

Matokeo yaliyotarajiwa ndiyo yanayosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwandishi huona aibu kutaja jambo ambalo kwake ni dhahiri. Programu imejifunga ghafla, nani atauliza kama ilitakiwa isijifunge? Katika kesi hiyo kweli hakuna haja ya kuuliza. Lakini hitilafu nyingi si za programu kujifunga. Ni za programu kufanya jambo ambalo mtu mmoja analiona kosa na mwingine analiona sahihi. Bila kujua mtumiaji alitarajia nini, mkaguzi anaweza kutenda hatua zote, akapata matokeo yaleyale aliyopata mtumiaji, na bado asijue tatizo liko wapi. Vilevile jibu kama “nilitarajia ifanye kazi vizuri” halisemi kitu. Matarajio yanayofaa ni yale yanayoweza kulinganishwa na matokeo: namba mahali pa namba, rangi mahali pa rangi, ukurasa wa tatu mahali pa ukurasa wa nne. Inafaa pia mtumiaji aseme matarajio hayo ameyatoa wapi, iwe ni katika mwongozo wa programu, katika toleo la awali, katika programu nyingine au katika hesabu aliyoipiga mwenyewe.

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha kazi nzima, lakini kinachotokea ndani yake ni tabia halisi ya LibreOffice. Daftari lenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na hapa maelezo yamewekwa kwa Kiswahili. Mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Lubumbashi analeta ripoti hii kuhusu Calc, sehemu ya LibreOffice inayoshughulikia majedwali:

“Calc inakosea kujumlisha. Nafungua faili la mauzo, naweka jumla chini, inayotoka si sahihi kabisa. Kwenye kompyuta ya mwenzangu faili hilohilo linatoa jumla sahihi. Naomba mrekebishe haraka, tunafunga hesabu za mwezi.”

Mkaguzi anaisoma mara mbili. Mara ya kwanza anatafuta kilichomo. Programu imetajwa, ni Calc. Kazi imetajwa, ni kujumlisha. Kuna pia neno la thamani kubwa ambalo mhasibu huenda hakulitilia uzito: kompyuta mbili, faili moja, majibu mawili. Neno hilo linasema kwamba chanzo kinaelekea kuwa katika jambo linalozitofautisha kompyuta hizo. Mara ya pili anatafuta kisichokuwemo. Toleo halipo kabisa. Hatua zipo kwa sura tu: “faili la mauzo” laweza kuwa la `.ods`, la `.xlsx` au la `.csv`, na kila moja hufunguliwa kwa njia tofauti. “Si sahihi kabisa” halitaji namba hata moja, wala iliyotoka wala iliyotarajiwa.

Kabla ya kuuliza lolote mkaguzi anajaribu kwa kiasi anachoweza. Anafungua jedwali jipya, anaandika 1250, 2400 na 875 katika seli tatu, anazijumlisha, anapata 4525. Jaribio hili la dakika mbili halithibitishi kwamba mhasibu amekosea. Linathibitisha tu kwamba kujumlisha kwa njia ya kawaida, kwenye kompyuta ya mkaguzi, hakuna kasoro. Ni habari ya kumpa mhasibu, ili ajue kwamba ripoti yake imesomwa na kufanyiwa kazi. Kisha mkaguzi anaiweka ripoti katika hali ya `NEEDINFO` na kuandika:

“Asante kwa ripoti. Nimejumlisha namba tatu katika jedwali jipya kwenye LibreOffice yangu na jumla imetoka sahihi, kwa hiyo bado sijaiona hitilafu unayoieleza. Naomba mambo manne:

1. Maelezo ya toleo kutoka kompyuta zote mbili, yako na ya mwenzako. Fungua `Aide`, kisha `À propos de LibreOffice`, bofya kitufe cha kunakili, ubandike hapa maandishi yote.
2. Faili dogo la mfano lenye mistari mitatu au minne inayoonyesha kosa hilo. Tafadhali ondoa majina ya wateja, kwa kuwa kila kinachoambatishwa hapa huonekana na watu wote.
3. Hatua ulizopitia tangu kulibofya faili hadi kuiona jumla. Taja kila dirisha lililofunguka katikati na ulichochagua ndani yake.
4. Jumla iliyotoka kwako, jumla uliyotarajia, na namna ulivyoipata hiyo uliyotarajia.

Ukishajibu, rudisha hali ya ripoti kuwa `UNCONFIRMED`.”

Orodha hii ina mambo kadhaa yanayostahili kutazamwa. Haiombi tena kilichokwisha kutolewa. Mhasibu hakuulizwa anatumia programu gani, kwa sababu ameshasema, na kumuuliza mara ya pili kungemwonyesha kwamba hakusomwa. Kila kipengele kinaomba kitu kimoja na kinaeleza namna ya kukipata, kwa majina yaleyale ya menyu ambayo mtu wa Lubumbashi anayaona kwenye skrini yake ya Kifaransa. Kipengele cha kwanza ndicho chepesi kuliko vyote, na si kwa bahati: aliyejibu la kwanza bila shida huendelea na la pili. Yote manne yametumwa kwa pamoja. Mkaguzi anayeuliza toleo leo, akarudi kesho kuuliza faili, na keshokutwa hatua, humchosha mleta ripoti, na kila safari ya kwenda na kurudi huongeza uwezekano kwamba hatajibu tena.

Lugha ya orodha nayo ina uzito. “Ripoti yako haijakamilika” ni kweli, lakini ni hukumu, na mtu aliyehukumiwa hujitetea badala ya kujibu. “Bado sijaiona hitilafu, naomba haya” ni kweli ileile inayoelekea kwenye kazi. Neno “haraka” la mhasibu halikujibiwa, na hakuna ulazima wa kulijibu, kwa kuwa orodha iliyo wazi ndiyo njia fupi zaidi ya kumsaidia afunge hesabu zake.

Mhasibu anajibu. Kompyuta yake ina toleo lilelile la mwenzake, hadi tarakimu ya mwisho. Tofauti iko katika mstari wa tatu: kwake ni `Locale: fr-FR`, kwa mwenzake ni `Locale: en-US`. Faili la mfano ni la `.csv`, maandishi matupu yaliyotolewa na mfumo wa mauzo:

```
Bidhaa;Mauzo
Saruji;1,250
Mabati;2,400
Misumari;875
```

Hatua zake sasa ni hizi. Alibofya faili mara mbili. Likafunguka dirisha la kuingiza maandishi, ambalo kwa Kiingereza huitwa `Text Import`. Akaacha nukta mkato peke yake kuwa kitenganishi cha safu, hakugusa kingine, akakubali. Katika seli ya B5 akaandika `=SOMME(B2:B4)`. Ikatoka 878,65. Alitarajia 4525, na ameipata kwa kikokotoo cha mezani.

Mkaguzi anaweza kulitegua fumbo kabla hata ya kuwasha kompyuta. Kwa desturi ya Kiingereza, mkato ndani ya namba hutenga maelfu, hivyo 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa desturi ya Kifaransa mkato ndio unaotenga namba nzima na sehemu yake, hivyo 1,250 ni moja na robo. Calc ya mhasibu ilisoma faili kwa desturi ya Kifaransa, ikapata 1,25 na 2,4 na 875, na jumla ya hizo ni 878,65 hasa. Mashine ilijumlisha sawasawa namba ilizozisoma. Namba zenyewe ndizo zilizosomwa kinyume na alivyokusudia aliyeziandika.

Hata hivyo mkaguzi hatoi uamuzi kwa kukisia. Anazitenda hatua zote kwenye programu iliyopangwa kwa Kifaransa na kuiona 878,65 kwa macho yake. Kisha anarudia, ila safari hii katika dirisha la kuingiza maandishi anabadilisha orodha ya lugha kuwa Kiingereza cha Marekani. Inatoka 4525. Sasa anafunga ripoti kwa hali ya `RESOLVED NOTABUG`, maana yake programu imefanya ilivyopangwa kufanya, na anamweleza mhasibu ni kitu gani cha kuchagua kila anapofungua faili kutoka kwenye mfumo ule wa mauzo.

Mfano huu unaonyesha kwa nini mambo matatu huombwa pamoja, hata pale moja linapoonekana kutosha. Kama mkaguzi angepata hatua bila maelezo ya toleo, angezitenda kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, akapata 4525, na kumwambia mhasibu kwamba hakuna kosa. Kama angepata toleo bila hatua, asingejua kuna dirisha katikati, na dirisha hilo ndilo penye uamuzi wote. Hata alama moja ndani yake ina maana: kama mhasibu angeacha pia mkato uwe kitenganishi cha safu, 1,250 ingegawanyika katika seli mbili na jumla ingekuwa nyingine. Na bila zile namba mbili, 878,65 na 4525, ripoti ileile ingeweza kuwa ya hitilafu tofauti, kwa mfano namba zilizoingia kama maandishi na hivyo kurukwa katika kujumlisha. Hapo jumla ingekuwa 0, na tiba yake ni nyingine.

Si kila ripoti inahitaji mambo yote matatu, na mkaguzi mzuri anajua kuacha. Ikiwa neno katika menyu limeandikwa vibaya, picha ya skrini na toleo vinatosha. Kuomba matokeo yaliyotarajiwa hapo ni kumsumbua mtu bure. Programu inapojifunga ghafla, LibreOffice inaweza kukusanya taarifa ya kuanguka kwake inayotaja ni sehemu gani ya programu ilikuwa inafanya kazi wakati huo. Taarifa hiyo huweza kumwongoza mtengenezaji hata kama mtumiaji hakumbuki alichokuwa anafanya. Yako pia makosa ambayo hayarudiwi kwa hatua, yale yanayotokea mara moja kati ya mara nyingi. Kwa hayo mkaguzi huuliza maswali mengine: hutokea mara ngapi, baada ya muda gani, pamoja na programu gani nyingine ikiwa wazi. Kuendelea kudai hatua kamili kwa kosa la namna hiyo ni kumfungia mlango mtu mwenye habari ya kweli. Na ripoti inayoonyesha mwanya wa kiusalama haipaswi kuwa daftarini kabisa. Mradi huwa na anwani ya siri ya kuipokea, na jambo la kwanza ni kumwelekeza mletaji huko kabla hajaombwa kueleza zaidi mbele ya watu wote.

Upande mwingine kuna mapungufu ambayo orodha ya mambo matatu haiyaoni. Ripoti yaweza kuwa na hatua, toleo na matarajio, yote yakiwa safi, na bado isirudiwe, kwa sababu chanzo kiko katika mipangilio ya mtumiaji iliyoharibika. Kwa hali hiyo LibreOffice ina njia ya kuanza salama, katika menyu ya `Help` kwa jina la `Restart in Safe Mode`, ambayo huiwasha programu bila mipangilio hiyo ya binafsi. Hitilafu ikitoweka humo, mkaguzi amejua pa kuangalia. Lakini ombi hili huja katika duru ya pili, baada ya mkaguzi kuzitenda hatua zilizokamilika na kushindwa kuiona hitilafu. Kuliweka katika orodha ya kwanza ya kila ripoti huirefusha kwa mtu ambaye huenda tatizo lake ni dogo.

Jibu la mletaji likifika, hukaguliwa kwa kipimo kilekile. Mara nyingi mtu huombwa mambo manne akajibu mawili, kwa kawaida yale mepesi. Orodha inayorudi safari ya pili hutaja mawili yaliyobaki tu, na hushukuru kwa yaliyofika. Kuituma upya orodha nzima humfanya mtu aone kazi yake ya kwanza haikuhesabiwa.

Wengine hawajibu kabisa. Mradi wa LibreOffice una utaratibu wa hali hiyo: ripoti ikikaa `NEEDINFO` kwa miezi 6 bila neno lolote, mletaji hukumbushwa, na mwezi mmoja baadaye, kama bado kimya, ripoti hufungwa kwa hali ya `RESOLVED INSUFFICIENTDATA`. Hali hiyo haisemi kwamba hitilafu haikuwapo, bali kwamba habari haikutosha kuitafuta. Ripoti iliyofungwa hivyo hubaki daftarini pamoja na orodha yake. Mtumiaji mwingine aliyekutana na tatizo hilohilo anaweza kuikuta, akaona ni vitu gani viliombwa, akavileta yeye, na ripoti ikafunguliwa tena.